Mwalimu mmoja, madarasa matatu: wiki ipangweje?

*"Shikamoo mwalimu. Nafundisha shule shikizi huku Chamwino, niko peke yangu. Nina darasa la kwanza watoto 23, la pili 17, la tatu 14, wote chumba kimoja. Shule mama wamenipa ratiba tatu, kila darasa na yake. Nikiwa na darasa moja mengine mawili yanapiga kelele, Ijumaa ikifika sijui nimefundisha nini. Siku ya mnada, Jumatano, nusu hawaji. Nipangeje wiki yangu?"*

Marahaba mwalimu mwenzangu. Ziweke kando zile ratiba tatu. Zimeandikwa kwa shule yenye walimu watatu, na hazitakaa chumba kimoja hata ufanyeje, kwa sababu vipindi vyenyewe havilingani: darasa la kwanza na la pili kipindi ni dakika 30, la tatu ni dakika 40. Ukizifuata, dakika ya thelathini wadogo wamemaliza na wakubwa bado wana dakika kumi, na wewe uko katikati unakimbizana na saa. Mwaka wangu wa kwanza kwenye shule kama yako, upande wa Chemba, nilizifuata hivyo hivyo mpaka mwezi wa tatu. Darasa la tatu walikuwa na madaftari yaliyojaa notisi. Darasa la kwanza walikuwa hawajui kusoma "baba" wala "mama". Hilo bado linaniuma, maana wale watoto walikuwa wanakuja shuleni kila siku.

Baadaye niliona kwamba wiki ya shule kama yako haipangwi kwa vipindi, inapangwa kwa dakika za mwalimu. Masomo yako mengi, watoto wako wengi, ila mwalimu ni mmoja. Kwa hiyo swali la kwanza unapokaa na karatasi yako Ijumaa liwe: ni nani anahitaji mdomo wangu, na saa ngapi? Maswali mengine yote yanafuata hilo.

Tuanze na saa. Dakika 120 zinabeba vipindi vinne vya dakika 30, na zinabeba pia vipindi vitatu vya dakika 40. Ndani ya saa mbili, basi, madarasa yote matatu yanaanza pamoja na kumaliza pamoja bila kengele ya katikati. Gawa asubuhi yako mafungu mawili ya saa mbili: saa 2:00 hadi 4:00, mapumziko na uji nusu saa, kisha saa 4:30 hadi 6:30. Hapo darasa la kwanza na la pili wanaenda nyumbani. Darasa la tatu wanabaki na wewe vipindi viwili, mpaka saa 7:50.

Nataka tukae kidogo kwenye hizo dakika 80 za mchana, kwa sababu ndizo zinazobeba mpango wote. Walimu wengi wanazitumia kumalizia kazi za asubuhi: kunakili, kusahihisha, kufanya zoezi. Hapo wanapoteza wakati pekee wa siku ambao darasa moja lina mwalimu peke yake. Fanya kinyume chake. Kila jambo jipya la darasa la tatu lifundishwe mchana, na zoezi lake lifanyike asubuhi ya kesho yake. Mtoto wa darasa la tatu aliyefundishwa kuzidisha jana mchana anaweza leo asubuhi kukaa na daftari lake dakika ishirini bila kukuita. Ukimfundisha asubuhi, atakuita, na haki yake akuite, kwa sababu bado hajaelewa.

Ukishafanya hivyo, asubuhi yanabaki madarasa mawili tu yanayogombania jambo jipya, la kwanza na la pili. Hawa wapishanishe kwa siku. Darasa la kwanza wapate jipya Jumatatu na Alhamisi. Darasa la pili wapate Jumanne na Ijumaa. Jumatano ya mnada asipate mtu jipya lolote, kwa sababu nusu ya watoto wako na mbuzi au wamefuatana na wazazi, na ukifundisha jipya siku hiyo utalirudia Alhamisi kwa wale ambao hawakuwepo huku waliokuwepo wanachoka kusikia. Jumatano iwe ya marudio, kusoma wawili wawili, michezo, na kuwasikiliza wale wanaosuasua. Hata mchana wa Jumatano darasa la tatu wapewe marudio.

Naomba unielewe ninaposema "jipya". Nina maana ya sauti au silabi mpya, hatua mpya ya hesabu, kitu ambacho mtoto hakijui kabisa mpaka umweleze. Siku nyingine darasa hilo bado unakaa nalo, ila unakaa nalo kwa zoezi na kusahihisha, na dakika zake zinakuwa chache.

Lipo jambo la kuangalia hapo. Jipya la darasa la pili la Ijumaa linalala siku mbili kabla ya zoezi. Kwa hiyo la Ijumaa liwe hatua ndogo, mwendelezo wa la Jumanne, na Jumatatu wakati uko na darasa la kwanza wao waanze na zoezi la hilo. Ukiweka mada nzito Ijumaa, Jumatatu utakuta imeyeyuka.

Sasa fungu la kwanza la asubuhi, saa 2:00 hadi 4:00, ambalo nakushauri liwe la Kusoma na Kuandika kila siku, kabla jua halijapanda na bati halijaanza kuchoma. Mimi nililipanga hivi, ukichukulia ni siku ya jipya la darasa la kwanza:

2:00–2:10 wote pamoja: tarehe, mahudhurio, wimbo au hadithi fupi
2:10–2:35 darasa la kwanza
2:35–2:40 mzunguko
2:40–3:00 darasa la pili
3:00–3:05 mzunguko
3:05–3:25 darasa la tatu
3:25–3:30 mzunguko
3:30–3:45 darasa la kwanza tena
3:45–3:55 darasa la pili tena
3:55–4:00 kufunga madaftari

Darasa la kwanza wanapata dakika 40 zako, la pili 30, la tatu 20. Usione vibaya kwamba hazilingani. La tatu wana mchana wao. Mtoto wa darasa la kwanza hana pengine pa kuzipata dakika hizo, hasa huku kwetu ambako wengine wanafika shuleni wanazungumza Kigogo tu na Kiswahili wanakisikia kwako kwa mara ya kwanza. Siku ya jipya la darasa la pili, badilisha: wao waanze saa 2:10 na dakika 25, la kwanza wafuate na 20.

Mzunguko ni dakika tano za wewe kutembea bila kumfundisha mtu. Kati ya mizunguko mitatu, miwili itumie kusikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma, dakika moja kila mtoto, na mmoja upite ukisahihisha. Ukisikiliza watano wa darasa la kwanza kila siku, wote 23 wamepita mbele yako ndani ya wiki. Ongeza watatu kutoka madarasa mengine, nao wote watapita ndani ya majuma mawili na siku. Tia alama kwenye karatasi ya majina. Bila karatasi utasikiliza wale wale wanaokaa mbele.

Nimesema nani anakuwa na wewe. Kazi ngumu zaidi ni nini wanafanya wale ambao hawako na wewe, na hapa ndipo wiki nyingi zinapovunjikia. Hesabu mwenyewe: kila darasa lina nafasi tatu hivi kwa siku za kufanya kazi peke yake. Madarasa matatu, siku tano, ni kazi 45 kwa wiki. Hakuna mwalimu anayeweza kubuni kazi 45 kila wiki na kuzieleza zote. Ukijaribu, utaishia kuandika ubaoni "nakili", na kunakili kunaisha dakika nane.

Dawa yake ni kazi za kudumu. Chagua namna tano tu za kazi, wafundishe watoto namna hizo majuma mawili ya mwanzo wa muhula mpaka wazijue kama wanavyojua kucheza rede, kisha usibadilishe namna, badilisha kilichomo. Zangu zilikuwa hizi. Kusoma wawili wawili, mmoja akisoma mwenzake akifuata kwa kidole. Kadi za silabi zilizokatwa kwenye maboksi, watoto wanapanga maneno na kuyaandika. Imla ya wawili wawili, mmoja anamtajia mwenzake maneno kumi ya wiki, kisha wanabadilishana, kisha wanasahihisha kwa kutazama bango. Vizibo vya soda au mbegu za ubuyu kwa hesabu. Na daftari la sentensi, ambamo kila mtoto anaandika juu ya picha au jambo lililotajwa asubuhi. Mtoto akisikia "imla ya wawili wawili" anajua aanze wapi na amalize wapi, na wewe umesema maneno manne tu.

Sharti la kazi hizi ni moja, na usilivunje hata siku umechoka: anayefanya kazi peke yake apewe kitu ambacho ameshafundishwa. Jipya halifundishwi na ubao.

Nikuonyeshe saa moja ya hesabu ilivyo chumbani, maana kwa maneno matupu haya yanaonekana mepesi. Ni Jumanne, saa 4:30, siku ya jipya la darasa la pili. Jipya lenyewe ni kujumlisha namba ambazo mamoja yake yanapita tisa.

Usianze na darasa la pili. Anza na wale watakaobaki peke yao. Darasa la kwanza umewagawa makundi manne, kila kundi lina vizibo kwenye kopo. Unawaambia: hesabuni vizibo saba, mvigawe mikono miwili kwa kila namna mnayoweza, kila namna iandikwe. Mtoto ataandika 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, na kuendelea. Kazi hii ina faida mbili kubwa. Haiishi haraka, kwa sababu namna ziko nyingi, na akimaliza saba anachukua nane. Na inajisahihisha yenyewe, kwa sababu akiandika 3 na 5 mwenzake atahesabu na kukuta nane. Linganisha na "andika 1 mpaka 9", ambayo inaisha dakika tatu na haimwonyeshi mtoto kama amekosea.

Darasa la tatu jana mchana walijifunza kuzidisha kwa mafumbo. Leo wana maswali sita kwenye upande wao wa ubao, uliyoyaandika kabla ya watoto kuingia. Gunia moja la mahindi linajaa madebe 6. Magunia 4 ni madebe mangapi? Majibu yako kwenye kadi iliyogeuzwa mezani kwa kiongozi wa kundi, haifunuliwi mpaka wote waandike. Kuwasha madarasa haya mawili kumekula dakika tano.

Sasa ni 4:35. Unakaa na watoto 17 wa darasa la pili, na unakaa kweli, kwenye mkeka au kwenye kona yao, mgongo ukiwa ukutani ili uwaone wengine wote. Una vijiti na mpira wa kufungia. Unaweka 27: mafungu mawili ya kumi, na vijiti saba. Unaweka 15: fungu moja, na vijiti vitano. Vijiti saba na vitano vinakuwa kumi na viwili. Mwite mtoto afunge kumi. Limepatikana fungu jingine, vimebaki viwili. Mafungu sasa ni manne, vijiti viwili, 42. Rudia na 38 na 24 mtoto mwingine akifunga, bila kuandika chochote. Mara ya tatu ndipo uandike namba ubaoni huku mtoto anafunga, ili lile fungu jipya walione likihamia upande wa makumi. Dakika ishirini zinatosha kwa mifano minne ya namna hii. Usitafute mitano.

Saa 4:55 unasimama, unawapa darasa la pili maswali matatu tu wafanye kwa vijiti, na unazunguka chumba dakika tano. Saa 5:00 unakaa na darasa la kwanza dakika 15, ukikusanya namna walizopata. Saa 5:15 darasa la tatu dakika 15, na hapo husahihishi maswali yote, unachukua lile ambalo wengi wamekosa. Saa 5:30 hesabu imeisha.

Saa inayobaki, 5:30 hadi 6:30, wafundishe wote pamoja mada moja. Afya na Mazingira ya wadogo na Sayansi ya darasa la tatu zinakutana mahali pengi, na ndivyo ilivyo kwa sanaa na michezo. Chukua maji. Wote wanakaa pamoja, mnazungumza yanatoka wapi, kisimani au bombani, nani anachota, yanahifadhiwaje. Halafu kazi inagawanyika: darasa la kwanza wanachora na kuandika neno moja chini ya picha, la pili wanaandika sentensi tatu, la tatu wanahesabu nyumbani kwao zinatumika ndoo ngapi za lita 20 kwa siku na ni lita ngapi jumla, kisha wanaandika maji ya kila ndoo yalitumika kufanya nini. Siku mbili za wiki zipe mada kama hiyo, moja ipe Kiingereza cha kuzungumza, Jumatano sanaa na michezo, Ijumaa hadithi. Mambo ya darasa la tatu yasiyokutana na ya wadogo, kama Historia na Kiingereza cha kuandika, yaende mchana.

Sasa kelele, uliyoanza nayo. Kelele ya chumba kama chako usiichukulie kwanza kuwa utovu wa nidhamu. Ni taarifa. Ikianza, tazama saa na uandike dakika ilipoanzia, halafu nenda ukafunue madaftari ya kundi linalopiga kelele. Yakiwa yamejaa, kazi ilikuwa fupi. Yakiwa matupu, kazi ilikuwa ngumu, au hawakuelewa namna. Haya ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake zinapingana: ukimwongezea kazi mtoto ambaye daftari lake ni tupu, unamwongezea sababu ya kuzungumza. Andika hivyo wiki mbili, na utaona kila darasa lako linaweza kukaa peke yake dakika ngapi. Watoto wa darasa la kwanza mwanzo wa mwaka wasipewe zaidi ya dakika kumi na mbili za karatasi. Baada ya hapo wanahitaji kitu cha kushika, na ndiyo maana vizibo na kadi viko kwao zaidi.

Ukiona darasa moja linanyamaza sana wiki nzima, lifuatilie pia. Mara nyingi ni la tatu, na mara nyingi wananakili.

Watakushauri uwatumie watoto wa darasa la tatu kuwafundisha wadogo. Kidogo, ndiyo. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kumsikiliza mdogo akisoma dakika kumi, na yeye mwenyewe anafaidika kwa sababu anasoma tena. Ila asifundishe jipya, na wapokezane kwa orodha ukutani ili asiwe yule yule kila siku. Nimeona shule ambako msichana mmoja hodari aligeuzwa mwalimu wa darasa la kwanza mwaka mzima. Yeye mwenyewe aliufunga mwaka akiwa nyuma ya wenzake katika Hisabati.

Upimaji wa wiki usiutafutie siku yake. Uingize mahali ambapo tayari darasa linakaa kimya. Alhamisi wakati darasa la kwanza wanapata jipya, darasa la pili wafanye jaribio la maswali matano. Ijumaa wakati darasa la pili wanapata jipya, la kwanza na la tatu wafanye yao. Mchana wa Ijumaa usahihishe ukiwa bado shuleni. Kama zaidi ya nusu ya darasa wamekosa jambo lile lile, jipya la wiki ijayo lisubiri. Hapo najua azimio la kazi litachelewa. Kwa madarasa haya ni afadhali lichelewe, kwa sababu mtoto asiyejua kusoma silabi hawezi kufanya kazi yoyote peke yake, na mtoto asiyeweza kufanya kazi peke yake anazivunja dakika za madarasa yote matatu.

Karatasi ya wiki yenyewe iwe moja. Chora safu tano za siku na mistari mitatu ya madarasa. Jaza kwanza masanduku ya jipya kwa wino mwekundu: mawili kwa darasa la kwanza, mawili kwa la pili, matatu ya mchana kwa la tatu, yaani Jumatatu, Jumanne na Alhamisi. Ni saba tu. Hakikisha hakuna siku ambayo wino mwekundu uko mara mbili asubuhi. Kisha andika kwenye masanduku yanayobaki jina la kazi ya kudumu na kilichomo, kwa mfano "imla, maneno ya ng'". Mwisho andika pembeni unachohitaji kuandaa. Ukishaizoea ni kazi ya dakika arobaini. Mabango ya wiki yaandike kwenye mifuko ya saruji iliyogeuzwa, yatakaa miaka, na ubao ugawe kwa mistari miwili ya wima ili kila darasa lijue upande wake.

Ipo mipaka, na nisikufiche. Mpango huu unabeba watoto 54. Wakifika themanini au tisini, kusikiliza mtoto mmoja mmoja hakuwezekani tena, na hapo kamati ya shule na serikali ya kijiji watafute mwalimu wa kujitolea kabla hujabadilisha chochote kwenye ratiba. Wakikuletea watoto wa awali, usiwafanye mstari wa nne kwenye karatasi; wale wanahitaji mtu mzima wao peke yao, hata kama ni mama mmoja wa kijijini mwenye subira. Na kama shuleni hakuna uji, usiwashikilie darasa la tatu mpaka saa 7:50. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kula hasikii kitu saa saba. Wape kipindi kimoja cha dakika 40, jipya tu, waende.

Mvua nazo zitakuvuruga, kuanzia Desemba mpaka Aprili, makorongo yakijaa na watoto wa ng'ambo wasivuke. Nilikuwa na kipimo rahisi: darasa likipungua chini ya nusu, siku hiyo inageuka Jumatano. Masanduku mekundu yanasogea siku moja mbele, na kazi za kudumu zinabaki pale pale. Kwa kuwa namna za kazi ni zile zile, kusogeza ni kufuta neno moja na kuandika jingine.

Kuhusu andalio la somo, maana najua utaulizwa: azimio la kazi liwe la kila darasa kama kawaida. Andalio liandike moja kwa kila fungu la asubuhi, likiwa na safu tatu, ili anayelisoma aone dakika ile ile kila darasa linafanya nini. Kabla hujaanza, nenda nalo shule mama ukae na mwalimu mkuu mlipitie, na baada ya wiki mbili umwombe Afisa Elimu Kata aje aone asubuhi moja, akae mpaka saa 6:30. Ukiwa na karatasi za wiki mbili zenye alama za watoto uliowasikiliza na zile dakika za kelele ulizoandika, mazungumzo yatakuwa mafupi. Anza Jumatatu na fungu la kwanza tu la asubuhi. La pili liongeze wiki ya tatu, watoto wakishazijua kazi zao.